Bibi Asijibu, Alama Zisikatwe

Darasani tunaandika tamthilia fupi ya kurasa nne, na alama zake ni 20: mazungumzo 8, maelekezo ya jukwaani 6, taharuki 6. Mgao huo tunaukubali. Tunachobisha ni kusahihisha tamthilia kana kwamba ni insha. Tutazame kipande hiki tulichokitunga kwa ajili ya hoja yetu. Ni sebuleni, Al Amerat. Salim anataka nyumba iuzwe.

SALIM: Bibi, karatasi zile umezisoma?

BIBI: Mie miwani siioni. Chai yako inapoa, mwanangu.

SALIM: Mnunuzi anakuja saa kumi.

BIBI: Kula mkate wa ufuta huo. (Anazitia karatasi chini ya sinia.)

Msahihishaji wa insha ataandika "mimi" juu ya "mie", kisha aongeze kwamba Bibi hajibu maswali. Sisi tungempa mazungumzo 7. Bibi wa Unguja husema "mie", na kukwepa kwake swali ndilo jibu lenyewe. Alama moja tungeikata kwa sababu Salim, kijana wa Maskati, hana msemo hata mmoja wa kwake. Kipimo ni rahisi: funika majina kwa kidole. Usipomjua msemaji, kata alama. Kwenye mabano, hata hivyo, anayesema ni mwandishi. Hapo Kiswahili sanifu kidaiwe bila huruma.

Maelekezo nayo yapimwe kwa swali moja: je, mwigizaji ataweza kulitenda? Karatasi kuingia chini ya sinia, mtazamaji wa safu ya nyuma ataona. "Salim anakumbuka babu alivyojenga nyumba hii" hakuna atakayeiona, basi haina alama. Na "(kwa hasira)" ikifuata kila jina, ujue maneno yenyewe hayana hasira.

Taharuki ndiyo inayoonewa zaidi, maana wengi wetu tunaitafuta kwenye kelele na alama za mshangao. Katika *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969), Kinjeketile anaingia mtoni, na watu wanabaki ukingoni wakingoja. Mtazamaji anangoja nao. Kwenye kipande chetu, Salim anataka saini, Bibi anataka abaki kwake, na saa kumi inakaribia. Ondoa mstari wa mnunuzi, wawili hawa watakunywa chai mpaka magharibi. Mstari huo ndio unaostahili alama.

Wapo watakaosema taharuki ni suala la hisia, kila msahihishaji ana yake. Lakini nani anataka nini, nani anamzuia, na muda unaisha lini, ni mambo ya kuonyeshwa kwa kidole kwenye karatasi.

Tunawaomba walimu wetu jambo moja: kabla ya kalamu nyekundu, wanafunzi wawili waisome tamthilia kwa sauti, na wa tatu atende yaliyomo kwenye mabano. Atakapokwama, hapo ndipo pa kukata alama.