Mbu wa Entebbe Hawatasimama Kasindi

Bandugu raia wa Kisangani,

Malaria inaua watoto wetu Lubunga, Mangobo na kote jimboni. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Njo maana hatupingi utafiti wa kuimaliza. Lakini kuna dawa moja inayotengenezwa ambayo, siku ikiachiliwa kwa jirani, itatufikia hata kama hatukuikubali. Tunataka kila raia aielewe kabla ya siku hiyo.

Kwa kawaida kila mbu anarithi nakala mbili za kila jeni: moja ya baba, moja ya mama. Kama wataalamu wakimtia dume jeni mpya kwenye nakala moja tu, akizaa na jike wa porini, kati ya watoto 100 karibu 50 wataipata. Kila kizazi inagawanyika tena, na kama inamdhoofisha mbu, mwishowe inapotea.

Jeni inayojisukuma inavunja hesabu hiyo. Inabeba makasi yake yenyewe, yanayoitwa Krispa. Ndani ya chembe zinazotengeneza mbegu na mayai, makasi yanakata nakala ya kawaida iliyo upande wa pili. Chembe inataka kutibu kidonda, inachukua upande wenye jeni mpya kama mfano, inanakili. Sasa pande zote mbili ziko nayo. Badala ya watoto 50, wanaoirithi wanapita 95 kwa 100. Kwa hiyo inaweza kuenea hata kama inamuumiza mbu.

Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College, London, waliilenga jeni inayoamua mbu awe jike kamili. Jike mwenye nakala moja iliyoharibiwa bado anazaa na kueneza. Mwenye mbili hawezi kuuma wala kutaga. Ndani ya vizimba vya maabara, mbu wote waliisha kati ya vizazi 7 na 11. Mradi wa Target Malaria unafanya kazi hii pamoja na taasisi za Afrika, na moja iko Entebbe, Uganda: Taasisi ya Utafiti wa Virusi. Mpaka leo mbu wa namna hii hajaachiliwa porini popote duniani. Wale walioachiliwa kijiji cha Bana, Burkina Faso, mwaka 2019 walikuwa madume tasa, bila jeni inayojisukuma. Hao wanakufa na habari inaisha.

Hapo njo wanaikolojia wanaposimama. Kizimba hakina mto, pori wala mbu wa aina nyingine. Wanauliza, kwanza, nani atachukua nafasi ya anayeondoka. Jeni hii inalenga *Anopheles gambiae*, lakini *Anopheles funestus* naye analeta malaria. Mmoja akipungua, mwingine anaweza kupata nafasi. Pili, gambiae anaweza kuzaa na ndugu zake wa karibu, kwa hiyo jeni inaweza kuvuka kwenda aina ambazo hakuna aliyezipima. Tatu, mbu wachache wakiwa na mabadiliko ambayo makasi hayawezi kukata, hao njo watakaozaana, na malaria inarudi. Kuhusu samaki na popo wanaokula mbu, tuseme ukweli: hajajulikana mnyama anayemtegemea gambiae peke yake. Lakini misitu ya Tshopo haijapimwa vya kutosha ili mtu aseme hakuna hatari.

Na kosa likitokea, haliitwi nyuma. Mbu hana laissez-passer. Kizazi kwa kizazi jeni inaweza kupita Kasindi, Komanda, Mambasa, ikifuata barabara ya taifa namba 4 pamoja na malori mpaka kwetu.

Kongo na Uganda zote zimo katika Itifaki ya Kartajena juu ya viumbe vilivyobadilishwa. Itifaki hiyo inaidai nchi imjulishe jirani kama viumbe hivyo vinaweza kuvuka mpaka bila kukusudiwa. Lakini kujulishwa si kuombwa ruhusa. Anayejulishwa mbu wakiwa tayari hewani hana tena la kuamua.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Serikali ya Kinshasa izungumze na Kampala sasa, ili pasiwe na kuachilia bila makubaliano yaliyoandikwa ya nchi zote ambazo mbu hao watafika, na raia wasikilizwe kwa Kiswahili na Lingala. Na Chuo Kikuu cha Kisangani pamoja na Kituo cha Uchunguzi wa Bioanuwai wapewe feza za kuhesabu mbu wa Tshopo leo: aina gani, wapi, wangapi, nani anawala. Bila hesabu ya kabla, kesho hakuna atakayeweza kuonyesha kilichoharibika, na hakuna atakayelipa.

Mtoto wa Lubunga ana haki ya kupona malaria. Mama yake ana haki ya kuulizwa.

Sisi vijana raia wa Kisangani