Majambazi Kumi na Moja na Hata Jasho Hakuna: Watunzi wa Simulizi Mnakula Buku Letu Bure

Wadau, leo nagusa pabaya. Kuna mtunzi mmoja wa simulizi za mitandaoni, jina nalihifadhi maana timu yake ina midomo na mimi sina wiki nzima ya kublokiana na watu. Wengi wenu mko kwenye magrupu yake ya wasapu, mnamtumia buku ili awarushie sehemu inayofuata. Sehemu ya 38, shujaa wake kaingia godauni moja Kurasini usiku, kakuta majambazi kumi na moja, karuka hewani, kapiga mateke matatu kabla hajatua, kachomwa kisu cha bega, kawalaza wote, halafu kampitia mchumba wake wakala chipsi kuku. Sehemu ya 39 bega halitajwi. Sehemu ya 40 kambeba huyo mchumba kwa mikono miwili, kapanda naye ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Chini watu wameandika "moto sana kaka". Moto wapi? Kisu kimeingia kwenye nyama ya mtu kikatoka bila hata kuharibu shati!

Nilichukua karatasi na kalamu nikajaribu kulichora lile godauni. Nimeshindwa. Sijui mlango uko wapi, sijui taa ilikuwa inawaka au la, sijui wale kumi na moja walikuwa wamemzunguka au walipanga foleni kama wako kwa kinyozi wanasubiri zamu. Mtunzi mwenyewe hajui. Angekuwa anajua, kuna sentensi ingeponyoka ikasema.

Na tatizo la kwanza wala si mateke, ni lugha. Sentensi zake zinakwenda hivi, majina nimeweka yangu: "Jabu akamvaa Seko, akamkaba, akamng'ata, akamwachia, akamsukuma, akaanguka, akachomoa kisu." Haya niambieni, nani kaanguka? Nani mwenye kisu? Kiswahili hakina huruma kwenye ngumi. Ile "a" ya Jabu ndiyo "a" hiyohiyo ya Seko, na ile "m" ya kupigwa ni ya wote wawili. Hata ukimpambanisha mwanamume na mwanamke, lugha haikusaidii, bado ni "aka" na "akam" tu. Msomaji akifika kwenye "aka" ya nne kashapotea, anasoma kwa heshima tu akingoja kuambiwa nani kashinda.

Dawa ipo humohumo kwenye lugha, na ni bure. Mwache mtu apumzike, viungo na vitu ndivyo vifanye kazi. "Jabu akamkaba Seko kwa nyuma. Seko akaung'ata ule mkono. Mkono ukalegea. Kisu kikadondoka, kikaserereka hadi chini ya kitanda." Umeona? Mkono ni "u", kisu ni "ki", hakuna wa kuwachanganya. Na sasa kisu kina mahali. Kiko chini ya kitanda, na msomaji anajua kiko pale hata kama wewe utanyamaza kurasa mbili nzima. Jabu akiinama tu, moyo wa msomaji unaenda mbio. Hiyo ndiyo hofu, na haikuhitaji mtu kuruka hewani.

Nishawasikia mnaojibu kwamba "wasomaji wa siku hizi hawataki uhalisia, wanataka burudani." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mnatufanya sisi wajinga. Jackie Chan hamumjui? Watu wamejaa vibanda vya video miaka na miaka kumwangalia, na yule mtu akipiga ngumi kwenye kitu kigumu anaukung'uta mkono kwa maumivu, uso umekunjamana. Kibanda kizima kinacheka kwa sababu imemuuma! Kuna filamu ya Kikorea ya 2003 inaitwa Oldboy, ina pambano la mtu mmoja kwenye korido dhidi ya kundi zima. Kamera iko ubavuni, inatembea nao bila kukata. Unamwona kila mtu alipo. Yule jamaa ana kisu kimeganda mgongoni, anahema, anaanguka, anainuka, na wale maadui nao wamechoka wanashika magoti. Ni mtu mmoja kwa wengi, chumvi ipo nyingi tu, lakini tunaamini kwa sababu mwili unalipa. Dunia nzima wanaizungumzia mpaka leo. Halafu wewe unaniambia watu hawataki jasho.

Bondia anafanya mazoezi kila siku, na bado raundi ni dakika tatu tu kisha anakaa dakika nzima kuvuta pumzi. Sasa shujaa wako ni mhasibu, kapigana nusu saa godauni, kisha anatoa hotuba ya mapenzi bila hata kuhema?

Ngoja niwaonyeshe ninachotaka, na nakiweka Mbagala kwenye chumba cha kupanga, futi kumi kwa kumi, ili msiseme nahitaji bajeti. Ndugu wawili. Kaka mtu ni Shaibu, dereva wa bodaboda, wiki tatu zilizopita kamaliza mkataba na pikipiki sasa ni yake. Mdogo mtu ni Idi. Idi kaichukua kadi ya pikipiki kaiweka rehani kwa mkopeshaji, hela kaitupa kwenye mkeka, mkeka umechanika. Shaibu kajua leo.

Kabla sijaandika ngumi yoyote najiuliza kila mmoja anataka nini sasa hivi. Shaibu anataka kadi. Idi hana kadi, anachotaka ni kutoka nje tu, maana hawezi kumtazama kaka yake usoni. Basi pambano lote limeshajipanga lenyewe: mmoja anazuia mlango, mwingine anautaka mlango. Shaibu kasimama kauegemea kwa mgongo. Idi kakaa ukingoni mwa kitanda, kushoto. Kulia kuna mtungi mdogo wa gesi na sufuria ya maji ya ugali inatokota. Mlango unafunguka kwa ndani. Kumbuka hilo la mlango, nitalirudia.

Idi anainuka apite. Shaibu anamsukuma kifuani kwa mkono wa kushoto. Miguu ya Idi inagonga ukingo wa kitanda, anakaa tena bila kupenda. Anainuka mara ya pili, safari hii kainamisha kichwa kama mtu anayetaka kupenya daladala. Shaibu anarusha ngumi ya kulia. Aliulenga shavu, lakini kichwa kilikuwa kinashuka, kwa hiyo ngumi inatua kwenye paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Nyusi inapasuka. Damu inaingia kwenye jicho la Idi, haoni upande mmoja. Shaibu naye kajikunja, kaukumbatia mkono wake. Ngumi moja tu hiyo, na imewaumiza wote wawili.

Sasa ule mlango. Unafunguka kwa ndani, na Shaibu kauinamia. Idi hawezi kutoka bila kumwondoa. Kwa hiyo anamshika kaka yake kiunoni, taratibu, kama unavyomsogeza mgonjwa, anamweka pembeni penye mtungi, anauvuta mlango, anatoka. Wametoka kupigana na bado kamshika vile. Mimi sihitaji kuandika neno "upendo" hapo. Mtunzi wetu angeandika aya nzima ya machozi yanayotiririka kama Rufiji.

Hesabu matendo: matano, pengine sita. Nusu dakika imeisha. Lakini stori ndiyo kwanza inaanza, maana sasa inakuja bili.

Paji la uso ni mfupa mgumu. Mifupa ya kiganja iliyo nyuma ya kidole kidogo na kile cha jirani yake ni myembamba, na hapo ndipo mtu asiyejua ngumi huvunjika. Usiku mkono wa Shaibu unavimba kwa juu. Asubuhi akijaribu kukunja ngumi, kile kifundo cha kidole kidogo hakionekani, kimezama. Ndivyo unavyojua. Anafungwa hogo, wiki nne, pengine sita. Na mkono wa kulia kwenye pikipiki ndio wa mafuta, ndio wa breki ya mbele. Yaani ngumi aliyoipiga kwa ajili ya pikipiki ndiyo iliyomshusha kwenye pikipiki. Nani atakayeiendesha ili nyumbani wale? Yuko mmoja tu anayeijua, na nyusi yake ina nyuzi.

Hizo nyuzi nazo zina stori. Ukifika hospitali na jeraha la kupigwa unaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na polisi watataka kujua nani kakupiga. Idi anamwambia nesi kagonga mlango gizani. Kwenye benchi la korido hiyohiyo Shaibu kakaa anangoja picha ya mkono, naye kaandikisha kwamba kaanguka na pikipiki. Hakuna aliyemtuma mwenzake adanganye. Hapo ndipo mimi kama msomaji nalipa buku la wiki ijayo bila kuombwa, maana nataka kujua nani atavunja ule ukimya kwanza, na kadi bado iko kwa mkopeshaji.

Linganisha na godauni. Majambazi kumi na moja wamelala chini na hakuna hata mmoja mwenye mama. Hakuna polisi aliyeuliza. Halafu kuna yule mlinzi wa getini aliyepigwa chupa ya kichwa "akalala" saa mbili kisha akaamka anajikuna. Jamani, mtu akizimishwa kwa pigo la kichwa kwa kawaida anarudi baada ya sekunde au dakika chache, anatapika, hajui leo ni siku gani. Akikaa saa mbili hajaamka, huyo hajalala, huyo yuko njiani kufa. Shujaa wako kaua mlinzi wa geti na wewe mtunzi hata hujui. Ndio maana mchumba hamuulizi kitu wakati wa chipsi.

Na asije mtu hapa na hoja ya kwamba zamani nako Willy Gamba na Joram Kiango walikuwa wanawapiga watu wengi. Walikuwa wapelelezi, kazi yao hiyo, na Musiba na Mtobwa walikuandalia adui mapema ukajua anawinda nini kabla hata bastola haijatoka. Ukitaka shujaa wako aruke hewani, aruke. Lakini akitua, niambie katua na mguu gani, na ule mguu kesho uchechemee.

Sehemu ya 41 inatoka Ijumaa. Nimeshalipa buku langu kama wengine. Bega lililochomwa ni la kulia, nimerudi nikahakikisha, iko mstari wa nne kutoka mwisho. Na 40 imeishia mlangoni kwa baba mkwe, mwamba kanyoosha mkono wa kulia abishe hodi. Tuone.