Klipu kumi na mbili mchana mmoja Dunga, na ile moja iliyoniaibisha

Kuna watu watakuambia wanashuti klipu thelathini kwa mchana mmoja, mwezi umeisha, sasa wanalala. Sawa. Waulize ni nani alizitazama mpaka mwisho. Mimi natengeneza kontenti ya mama mmoja mwenye kibanda cha samaki pale Dunga Beach, na hesabu yangu ni kumi na mbili. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wiki nne. Nimejaribu ishirini. Kuanzia ile ya kumi na tatu mama alikuwa anaongea kama mtu anayesoma notisi ya mazishi, na mimi mwenyewe sikuwa nasikiza tena.

Kama na wewe una mteja, ama una biashara yako ndogo, mchana mmoja kweli unatosha. Lakini ni lazima ujue ni nini kinaamua huo mchana uende vipi. Hapa Kisumu si wewe. Ni moto, upepo na jua.

Naanza na skripti saa sita, wakati mbaya kabisa kwa mama kwa sababu wateja wa lunch wamejaa. Hicho ndicho ninachotaka. Hana wakati na mimi, kwa hivyo nakaa pembeni na daftari nikisikiza wanachouliza. Msee mmoja anauliza kama ngege ni ya ziwa ama ni ile ya barafu kutoka Uchina. Mwingine anataka kujua mbona omena yake nyumbani hutoka chungu. Mwanadada anataka mbuta kwa sababu mtoto anaogopa miiba. Hizo tayari ni klipu tatu, na sijavunja kichwa. Swali la mteja linakuwa sentensi ya kwanza, jibu la mama linafuata, halafu kitu kimoja cha kuonyesha kwa macho. Kwa ile ya ngege, anainua kifuniko cha shavu tuone nyekundu ndani, kisha anabonyeza nyama kwa kidole tuone ikirudi.

Andika maneno kama sitini kwa klipu ya nusu dakika, si zaidi. Isome kwa sauti ukiwa umewasha saa ya simu. Ikipita, kata salamu. Hizo "habari zenu mashabiki wetu popote mlipo" zinakula sekunde tano, na mtu ashapita. Kumi na mbili zikiisha una maneno kama mia saba na ishirini. Saa moja na nusu inatosha.

Sasa kushuti. Kosa nililofanya miezi miwili ya kwanza ni kufuata namba za skripti: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukifanya hivyo utamwambia mama awashe mafuta mara nne, na makaa hayatolewi bure. Panga kwa mahali. Kila kitu cha jikoni kinashutiwa pamoja saa nane, wateja wakiwa wamepungua na karai bado iko moto. Samaki mmoja akiingia kwenye mafuta mara moja anakupa klipu tatu kama umejipanga. Ule mlio wa mafuta ni wa klipu moja, kumgeuza ni ya pili, na kumweka kwenye sahani na ugali na sukuma ni ya tatu. Ndiyo maana stendi ya simu inakuwa tayari kabla samaki hajaingia. Hakuna kurudia. Ukikosa, unanunua samaki mwingine kwa pesa yako, na niamini nimeshawahi.

Futa lenzi kabla ya kila klipu ya jikoni. Moshi wa mafuta unaganda pale bila wewe kuona. Utajua ukiona taa imezungukwa na ukungu kwenye picha, lakini ukija kuona nyumbani umechelewa.

Baada ya jikoni ndiyo mama anaongea akitazama kamera. Anakuja na leso nne na kubadilisha kila baada ya klipu tatu. Ukuta ule ule hakuna atakayeuliza, lakini leso moja mwezi mzima wataiona. Hapa nakuwa na haraka, kwa sababu mchana ukisonga upepo wa ziwa unaongezeka, na maiki ya simu haina huruma. Sikio lako linazoea upepo, maiki haizoei. Shuti klipu moja, kisha vaa earphone uisikize yote kabla ya kuendelea. Siku moja sikufanya hivyo, nikarudi Nyalenda na klipu tano za mama akipepesa midomo ndani ya dhoruba. Siku hizi tunaongelea nyuma ya ukuta wa kibanda. Na mawingu yakianza kujikusanya upande wa Nandi, maneno yanatangulia hata kabla ya jikoni, maana mvua ikigonga mabati hutasikia kitu.

Ufuo unabaki wa mwisho, kuanzia saa kumi na moja. Jua linashukia upande wa maji, mashua zinageuka nyeusi, na huhitaji mtu kuongea. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima ni hivyo.

Kupanga muda wa kutoka nafanya usiku huo huo, nikishakata klipu. Facebook na Instagram napitia Meta Business Suite, ile kalenda ya Planner. TikTok naweka kwa kompyuta. Bei ya samaki usiitaje ndani ya video hata mara moja, kwa sababu hupanda na kushuka ndani ya wiki. Iweke kwenye maandishi ya chini ya Facebook na Instagram, hayo unaweza kuyabadilisha baadaye.

Mpaka hapo wale wa "panga usahau" wananipigia makofi. Mimi nina shida na hilo neno usahau.

Tarehe 15 Oktoba 2025 ilikuwa Jumatano. Asubuhi hiyo habari ilifika kwamba Raila Odinga amefariki India. Kama ulikuwa Kisumu huhitaji nikusimulie. Mimi nilikuwa Kondele, nimesimama na watu, simu mfukoni. Saa tano kamili klipu ya Jumatano ikatoka, vile nilikuwa nimeiagiza wiki mbili nyuma: mama anacheka, anachezesha mwiko, "Leo ni siku ya kula vizuri!" Mji mzima unalia na ukurasa wetu unacheka. Watu waliandika maneno ambayo sitayarudia, na hawakumwandikia blogger. Walimwandikia yeye, kwa jina lake, na wengine ni majirani wake.

Alinipigia. Hakupiga kelele. "Wuoda, ondoa hiyo kitu." Mimi ndiye pekee nilikuwa na nywila, na ilinichukua karibu saa nzima kupata mtandao wa kutosha. Kisha nikakuta Ijumaa na Jumatatu ijayo bado zimejipanga kwenye foleni, zote za kuchekesha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua kuchukia ratiba. Lakini sikufuta ratiba. Wiki ya nne sasa naiacha kama rasimu, haitoki mpaka niibonyeze mwenyewe. Klipu mbili kati ya zote ni za ziwa tupu, bila kicheko na bila maneno, zinazoweza kuchukua nafasi ya yoyote. Kila asubuhi ya kutoka klipu nasoma habari kwanza. Na nywila anayo binti yake wa kidato cha nne, ambaye tumemfundisha kurudisha klipu za Facebook na Instagram kwenye rasimu kwa simu. Ilimchukua dakika tatu. Nilimpimia.