Mkulima aambiwe nini video inapoisha?

VIDEO nyingi za kilimo zinazozunguka kwenye simu zetu huanza vizuri, zikaharibika dakika ya mwisho. Mkulima ameonyeshwa kwa utulivu jinsi dumuzi, yule wanayemwita skania, anavyogeuza mahindi kuwa unga ghalani. Mara muziki unapanda na sauti inafoka: nunua mifuko isiyopitisha hewa leo, piga simu, jiunge nasi, wasambazie wenzako. Mambo manne kwa pumzi moja! Aliyekuwa akisikiliza kama jirani anajikuta mnadani.

Kwa maoni yangu, si vibaya kumwomba mkulima afanye jambo. Tatizo ni kumwomba jambo ambalo video haikumwandaa kulifanya. Mfuko huo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yataota ukungu. Kwa hiyo mwenye mahindi pale Kwaluguru, kabla ya kuuliza mfuko unauzwa wapi, anahitaji kujua kama mahindi yake yamekauka. Ombi la mwisho lianzie hapo.

Tuseme video ni ya dakika nne. Nusu dakika ya mwisho apewe mama yule yule mwenye ghala lililoonyeshwa mwanzoni. Atie mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu yenye kifuniko, aitikise vizuri kwa dakika moja, kisha aiache itulie dakika 15. (Mpiga picha aikate hapo, hakuna atakayesubiri.) Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Isipogandia, umeshuka chini ya hapo, ingawa kwa kufungia kwenye mfuko ni salama zaidi ukifika 13, hivyo kuyaanika tena kidogo si hasara.

Kisha mama aseme: "Haya yangu bado, nayarudisha juani. Na wewe jaribu yako jioni hii, kabla hujafunga gunia." Inatosha. Ametangulia kufanya, ameomba jambo moja, na chumvi ipo jikoni kwa kila mtu.

Muuzaji wa mifuko ataniuliza, na mimi je? Jina la duka, bei na namba ya simu viandikwe baada ya hapo bila kelele, vikae sekunde kumi, maana mtu anatafuta kalamu. Nchini Kenya, kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up, kilichoanza mwaka 2012, kiliwaalika watazamaji kutuma ujumbe mfupi ili wapate kipeperushi cha somo walilotoka kuliona. Anayetuma ujumbe ameshavutwa na somo lenyewe, hana haja ya kusukumwa.

Kujua kama mwisho umefaa, wapigie watazamaji wachache baada ya wiki. Usiwaulize kama waliipenda video, maana kwa adabu zetu wote watasema ni nzuri. Uliza: "Chumvi yako iligandia?"