Yataje mashamba ya Mgeta, si ndoto za utotoni

Nina jambo moja kwa wahitimu wa SUA wanaoomba ufadhili wa shahada ya uzamili.

Binti mmoja wa Mgeta aliniletea maelezo yake binafsi niyasome. Yalianza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kuhifadhi mazingira na kuiletea jamii yangu maendeleo.” Sentensi hiyo angeweza kuiandika mwombaji yeyote, wa Mbeya au wa Mwanza. Nikamwuliza: uliona nini, ulifanya nini, na kipi kilikushinda? Akaandika upya:

“Mvua za masika huchukua udongo wa shamba letu la kabichi mteremkoni Mgeta. Katika mafunzo kwa vitendo nilipima kina cha udongo kwenye matuta ya wakulima 6. Matuta yenye majani kingoni yalishika udongo; mengine yalibomoka. Sikuweza kupima udongo unaofika mtoni, kwani sikuwa na vifaa wala ujuzi wa kuvitumia. Ndiyo maana naomba kusomea usimamizi wa mabonde ya maji.”

Sasa msomaji anaona mahali, kazi aliyoifanya na pengo ambalo masomo yatalijaza. Kusema wazi kipimo chake kiliishia wapi kunaaminika kuliko kudai kwamba ameuokoa Mto Ruvu. Tena kila dai lilingane na barua ya mdhamini: wakulima 6 wasigeuke 60.

Vijana, futeni kila sentensi ambayo mwombaji mwingine angeweza kuiwekea jina lake.