Una kovu la upasuaji na una mimba tena? Uliza kondo la nyuma limekaa wapi

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 6 kati ya kila 100 walizaliwa kwa upasuaji. Utafiti wa 2022 ulikuta wamefika 11. Upasuaji huo umeokoa mama na watoto wengi. Lakini kila mmoja umeacha kovu kwenye kizazi, na mara chache kovu hilo huleta shida katika mimba inayofuata. Shida hiyo ni kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu na kukataa kutoka. Madaktari huiita plasenta akreta.

Kinachotokea ndani

Kwa kawaida kondo hushikilia utando laini ulioko ndani ya kizazi. Mtoto akishazaliwa, kizazi hujikaza, kondo hubanduka na mishipa ya damu hufunga. Penye kovu, utando huo huwa mwembamba au haupo kabisa. Kondo likijipandikiza hapo, huingia kwenye msuli wenyewe. Kwa wengine huingia juu juu tu, kwa wengine hupenya hadi nje ya kizazi na kugusa kibofu cha mkojo.

Wakati wa mimba huenda usihisi chochote, na mtoto akaendelea kukua vizuri. Hatari huja baada ya mtoto kutoka, pale mtu anapolivuta kondo ambalo haliwezi kubanduka. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye kizazi kila dakika. Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 tu. Ndiyo maana jambo hili linapaswa kujulikana kabla ya siku ya kujifungua.

Kovu peke yake si tatizo kubwa

Hatari hupanda pale mambo mawili yanapokutana: kovu, na kondo lililokaa chini likafunika mlango wa kizazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwaangalia wanawake waliozaa kwa upasuaji. Kati ya wale ambao kondo lilifunika mlango, waliokuwa wamepasuliwa mara moja kabla, 11 kati ya 100 walikuwa na tatizo hili. Waliopasuliwa mara mbili kabla walikuwa 40 kati ya 100. Ambao kondo lao halikufunika mlango, hata wenye makovu mawili au matatu, hawakufika 1 kati ya 100.

Kwa hiyo ukiwa na kovu, swali lako la kwanza kliniki ni hili: kondo langu limekaa wapi?

Altrasaundi inaonyesha nini

Kipimo cha karibu wiki ya 20 huonyesha kondo lilipo. Likiwa chini, usikate tamaa, kwani mara nyingi husogea juu kadiri kizazi kinavyokua. Rudia kipimo karibu wiki ya 32. Likiwa bado chini na liko upande wa mbele, juu ya kovu, mpimaji atafute dalili za kung'ang'ania.

Dalili hizo ni chache. Ndani ya kondo huonekana mashimo meusi yasiyo na umbo maalumu, yenye damu inayozunguka. Mstari mweusi mwembamba unaotenganisha kondo na msuli hupotea. Msuli wa kizazi hapo huwa mwembamba sana, chini ya milimita 1. Ukuta wa kibofu, ambao huonekana kama mstari mweupe ulionyooka, hukatika au kusukumwa, na mishipa mingi ya damu huonekana kati yake na kizazi.

Mpimaji anahitaji msaada wako. Mwambie umepasuliwa mara ngapi, maana asiyejua hatatafuta. Nenda na mkojo kiasi kibofuni ili ukuta wake uonekane. Akipendekeza kupima kwa kifaa kinachoingia ukeni, usiogope: kipimo hicho ni salama hata kondo likiwa chini, na huona vizuri zaidi. Kisicho salama ni mtu kukupima mlango wa kizazi kwa vidole kabla ya kujua kondo lilipo.

Altrasaundi hukosea pia. Majibu mazuri hayaondoi hatari yote kwa mwenye kondo la chini na kovu, hivyo bado ajifungulie penye damu na daktari bingwa.

Mpango mzuri ukoje

Chukua mfano wa mama wa miaka 31 mwenye makovu mawili. Wiki ya 32 altrasaundi inaonyesha kondo limefunika mlango, lina mashimo ya damu, na mstari wa kibofu umekatika. Anaandikiwa rufaa siku hiyo kwenda hospitali kubwa. Damu yake ni gramu 9, kwa hiyo anatibiwa upungufu mapema. Ndugu wanachangia damu kabla ya tarehe. Kwa kuwa anaishi mbali, anahamia karibu na hospitali, kwani akianza kutoka damu au kupata uchungu njiani, mpango wote umeharibika.

Upasuaji hupangwa kati ya wiki ya 34 na 36, kabla uchungu haujaanza. Siku chache kabla, mama huchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari hukata kizazi sehemu ya juu, mbali na kondo, humtoa mtoto, hufunga kitovu na kuliacha kondo mahali pake bila kulivuta. Kisha hutoa kizazi na kondo pamoja.

Kwa nini kizazi kitolewe?

Kwa kondo lililozama ndani, hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuzuia damu. Baada yake hutapata hedhi wala mimba. Ovari kwa kawaida huachwa, kwa hiyo homoni zako zinaendelea, na kuondolewa kizazi hakuleti ukomo wa hedhi wa ghafla. Kibofu kinaweza kujeruhiwa wakati wa upasuaji, na hushonwa hapo hapo.

Ikiwa eneo lililoshikwa ni dogo, daktari mzoefu anaweza kukata kipande hicho na kushona kizazi. Njia nyingine ni kuliacha kondo liyeyuke lenyewe kwa miezi kadhaa. Hiyo ina hatari ya maambukizi na ya kutoka damu ghafla baada ya wiki nyingi, kwa hiyo haimfai anayeishi mbali na hospitali. Kama unataka watoto zaidi, sema hilo sasa, wakati wa kupanga. Mkiwa chumba cha upasuaji huku damu ikitoka, nafasi ya kuchagua huwa ndogo sana.

Kwenye hudhurio lako lijalo

Hakikisha kadi inaonyesha idadi ya upasuaji wako. Uliza kondo liko wapi na kama limegusa kovu. Likiwa limegusa, uliza utajifungulia hospitali gani, wiki ya ngapi, na damu itatoka wapi. Ukiona damu ukeni, hata kidogo na bila maumivu, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo, na neno la kwanza utakalomwambia muuguzi liwe: "Nina kovu la upasuaji, na kondo liko chini."