Usikloni repo nzima kwa bando la saa moja

Kila mwongozo wa mradi wa programu huria huanza vivyo hivyo: hatua ya kwanza, andika git clone. Mstari mmoja tu, kana kwamba kila msomaji yuko kwenye ofisi yenye intaneti ya faiba. Wewe uko mtaani na hotspoti ya simu, na mstari huo ndio unaokufungia mlango kabla hujaandika hata herufi moja ya msimbo.

Chukua mfano wa Linux, ile keneli iliyo ndani ya kila simu ya Android. Repo yake ina historia ya Git tangu Aprili 2005, na komiti, yaani mabadiliko yaliyowekwa rekodi, zimepita milioni moja. Ukiikloni yote unavuta gigabaiti kadhaa. Tuseme ni 3 tu, na laini yako inasukuma kilobaiti 300 kwa sekunde. Hiyo ni karibu saa tatu bila kukatika, na bando lako ni la saa moja.

Ubaya wenyewe hata si ukubwa. Git haijui kuendelea pale ilipoachia. Laini ikikatika ukiwa asilimia 94, utaona "fatal: early EOF", folda inafutwa na unaanza sufuri. Filamu ukiipakua ikakatika, unaweza kuendelea. Kloni hapana.

Ukilalamika kwenye kikundi chochote cha madeva, jibu ni lile lile: "Weka --depth=1, bro." Hiyo ni kloni ya juujuu: unapewa faili zote kama zilivyo leo, bila historia. Kwa Linux inashusha mzigo hadi mamia ya megabaiti. Ni afueni, lakini mimi nasema ni ushauri nusu. Bado umevuta madereva ya kadi za picha ambazo hutawahi kuziona, na ndiyo sehemu nono kuliko zote kwenye keneli.

Mwingine atakwambia utumie sparse-checkout, uchague folda unazotaka pekee. Hapa ndipo wengi huchomwa. Sparse-checkout ikiwa peke yake huokoa diski, si bando. Ukiandika git clone --sparse bila kitu kingine, folda yako itaonekana ndogo na safi, lakini historia yote imeshashuka na imejificha ndani ya .git. Piga du -sh .git uone.

Kinachookoa bando ni kuunganisha vitu vitatu. Tuseme umeona hitilafu kwenye perf, kile chombo cha kupima kasi ya programu kinachokaa ndani ya repo ya Linux. Fanya hivi:

```
git clone --depth=1 --filter=blob:none --sparse https://github.com/torvalds/linux
cd linux
git sparse-checkout set tools scripts Documentation/process
```

Depth inakata historia. Filter inaiambia seva isitume maudhui ya faili mpaka yahitajike. Inatuma ramani ya folda tu. Sparse inataja yanayohitajika. Mstari wa kwanza unaleta ramani na faili chache za juu kabisa, halafu mstari wa tatu unaenda kuchukua folda zako tatu. Nimechukua tools yote badala ya tools/perf kwa sababu perf huazima faili kutoka kwa majirani kama tools/lib na tools/include. Hapo sasa unahesabu megabaiti, si gigabaiti. Na kila amri iliyomalizika imebaki kwako. Laini ikikatika kwenye mstari wa tatu, unarudia huo tu. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko udogo wenyewe: mzigo umegawanyika vipande unavyoweza kubeba. (Hakikisha Git yako ni 2.37 kwenda juu. Piga git --version.)

Ukihitaji folda nyingine baadaye, andika git sparse-checkout add na jina lake.

Sasa, bei ya ujanja huu. Kwanza, repo yako ina mashimo, na Git huyaziba kimyakimya kwa kutumia intaneti. Ukipiga git grep kawaida, inatafuta kwenye folda ulizo nazo tu. Ukiipiga na HEAD mwishoni, inataka kusoma kila faili la keneli, na bando linaanza kuyeyuka bila kukuuliza. Ukiwa huna intaneti utaona "could not fetch", kisha namba ndefu, kisha "from promisor remote". Repo haijaharibika. Umegusa shimo tu.

Pili, vyombo vya mradi hushangaa. Kabla ya kutuma pachi yako unatakiwa kuipitisha kwenye scripts/checkpatch.pl. Script hiyo huangalia kama iko kwenye keneli kamili kwa kutafuta folda kama drivers na fs. Haitazipata, itakwambia "Must be run from the top-level dir. of a kernel tree" na kugoma. Iongezee --no-tree, itafanya kazi. Lakini keneli yenyewe usijaribu kuijenga kwa repo hii.

Tatu, na hili ndilo linaloweza kukuaibisha mbele ya watu: kloni ya juujuu hudanganya kuhusu historia. Watunzaji wa Linux wanataka pachi ya kurekebisha hitilafu iwe na mstari wa Fixes:, wenye herufi 12 za kwanza za komiti iliyoleta shida. Wewe utapiga git blame kuitafuta. Kwa depth ya 1, kila mstari wa faili utaonekana umeandikwa na komiti moja, ile ya juzi uliyoivuta, hata kama uliandikwa 2011. Dalili yake ni alama ya ^ mbele ya kila namba. Ukiiona, usinakili. Ukituma hivyo, umemsingizia mtu asiyehusika, na mailing listi ya Linux haina huruma sana.

Kwa komiti moja tu, wacha niwe mkweli, fungua ukurasa wa blame wa faili hilo kwenye GitHub. Ni nafuu kuliko amri yoyote. Ukiona utakaa kwenye mradi, rudisha historia polepole ukitumia tarehe:

```
git fetch --shallow-since=2025-06-01
```

Ikimaliza, rudisha tarehe nyuma miezi michache, rudia. Tarehe ni salama kuliko --deepen=500, kwa sababu Linux ina matawi mengi yanayoungana, na hatua 500 kurudi nyuma kwenye kila tawi zinaweza kuwa maelfu mengi ya komiti. Chujio la mwanzo linakumbukwa, kwa hivyo bado huvuti maudhui ya faili za zamani.

Amri ya git fetch --unshallow iache kwanza. Hiyo huleta historia yote kwa mpigo mmoja, na ikikatika katikati, hasara ni ile ile ya mwanzo. Iweke hadi siku utakapokuwa kwenye waifai ya mtu mwingine.

Na wewe unayetunza mradi mkubwa: mistari ile mitatu inatosha kwenye README yako, chini ya git clone ya kawaida, pamoja na majina ya folda ambazo mgeni anahitaji kwa pachi yake ya kwanza. Sisi tunaotumia hotspoti hatuwezi kuyakisia kabla ya kulipia.